Kupima sukari papo hapo au kurudi kesho bila kula: kipi kinatosha, na kwa nani?

Mama wa miaka 46 aliingia chumbani kwangu saa nne asubuhi akiwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne ndani ya kitenge. Alikuwa ametoka kijiji kimoja upande wa Chamwino, akashuka stendi mjini Dodoma saa tatu, na kwa kuwa tumbo lilikuwa linamsokota akanywa chai ya maziwa yenye sukari na maandazi mawili. Kikaratasi kilikuwa na mwandiko wa mwenzangu wa kituo kingine, wa wiki mbili nyuma: "Sukari 17.4. Arudi asubuhi bila kula." Alishajaribu kurudi mara mbili. Mara ya kwanza gari lilichelewa. Mara ya pili alifika bila kula kweli, lakini foleni ilikuwa ndefu, kizunguzungu kikamshika, akanunua soda.

"Mwanangu," akaniambia, "na leo nimekula. Basi safari imeharibika tena?"

"Haijaharibika, mama. Kaa."

Haikuwa imeharibika, wala haikupaswa kurudiwa hata mara moja. Nitaviweka vipimo viwili bega kwa bega, kile cha papo hapo (wengi kazini tunaita randamu) na kile cha kufunga, kwa sababu karibu kila wiki naona mtu aliyezungushwa kati yake bila sababu.

Namba mbili zinazochanganywa

Ukipimwa asubuhi baada ya kukaa saa nane au zaidi bila kula wala kunywa chochote isipokuwa maji, mpaka wa kuhesabiwa una kisukari ni milimoli 7.0 kwa lita. Ukipimwa saa yoyote, uwe umekula au hujala, mpaka ni 11.1, lakini kwa sharti kwamba una dalili zenyewe za kisukari: kiu isiyokatika, kukojoa sana, kupungua uzito bila kutaka. Kwenye mashine zinazosoma kwa miligramu, namba hizo ni 126 na 200.

Kosa la kwanza ni kutumia mpaka wa kufunga kwa mtu aliyekula. Mtu katoka kula ugali na mlenda, anapimwa 8.2, anaambiwa ana kisukari. Hapana. Sukari ya mtu mzima wa afya hupanda baada ya chakula, na 8.2 nusu saa baada ya mlo si jambo la ajabu. Kosa la pili ni la yule mama: ana 17.4, ana dalili zote, lakini anaambiwa hawezi kuhesabiwa mgonjwa mpaka aje na njaa.

Kufunga kuna kazi moja tu. Kunaondoa chakula kwenye hesabu, ili namba isiweze kusingizia chai na maandazi. Swali basi ni hili: kwa mama huyu, chai na maandazi vingeweza kuleta 17.4?

Kwa nini chakula hakiwezi kubeba lawama

Damu ya mtu mzima ni kama lita tano. Sukari yake ikiwa 5, ndani ya damu yote hiyo kuna gramu nne na nusu hivi za sukari, yaani kijiko kimoja cha chai. Chupa moja ya soda ina gramu zaidi ya 30. Kama mwili ungeiachia sukari hiyo ibaki ndani ya mishipa, kila mnywa soda angekuwa hoi. Lakini kongosho likihisi sukari inapanda hutoa insulini, ini na misuli huifyonza, na baada ya saa mbili mtu wa afya kwa kawaida huwa amerudi chini ya 7.8. Katikati hapo anaweza kugusa 8 au 9. Kufika 11.1 na kuendelea ni nadra sana kwa mtu ambaye insulini yake inafanya kazi, hata akila sahani ya wali wa harusini na soda juu yake.

Namba 11.1 yenyewe haikuokotwa. Ni ile ile inayotumika kwenye kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa mbili. Watafiti walipochunguza jamii zenye kisukari kingi, kama watu wa kabila la Pima huko Arizona, Marekani, waliona kwamba uharibifu wa retina nyuma ya jicho, ule wa kisukari hasa, huanza kuonekana kwa wingi kuanzia maeneo hayo, ilhali chini yake ni haba. Mpaka wa kufunga umewahi kusogezwa: zamani ulikuwa 7.8, Wamarekani wakaushusha hadi 7.0 mwaka 1997 na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1999. Wa 11.1 ulibaki pale pale.

Hata hivyo namba peke yake haitoshi, na hapa ndipo dalili zinapoingia.

Dalili ndiyo kipimo cha pili

Figo huchuja damu mchana na usiku, na sukari yote inayopita kwenye chujio hurudishwa kwenye damu. Lakini urudishaji huo una ukomo. Sukari ikizidi takriban 10, figo hushindwa kuirudisha yote, inayobaki hutoka na mkojo, na sukari popote iendapo huvuta maji. Ndiyo maana mkojo unakuwa mwingi. Maji yakitoka, kiu inakuja. Na kwa kuwa kila gramu ya sukari inayomwagika chooni ni chakula kilichopotea, mtu anakula vizuri huku anakonda. Wazee wetu waliujua mwisho wa mnyororo huu kabla ya mashine: sisimizi wakijaa mahali mtu alipokojolea, walinong'ona.

Sasa fikiria maana yake. Sukari ikipanda kwa saa moja baada ya maandazi na kushuka, hakuna anayeamka mara tano usiku kwa miezi miwili. Hakuna anayepoteza kilo nane. Ili dalili hizo zitokee, sukari lazima iwe imekaa juu ya uwezo wa figo, siku baada ya siku. Kwa hiyo dalili ni rekodi ya wiki zilizopita iliyoandikwa na figo, na namba ya mashine ni rekodi ya dakika hii. Ni mashahidi wawili wasiojuana, wanasema jambo moja. Mtu asiye na dalili ana shahidi mmoja tu, ndiyo maana yeye lazima apimwe tena. Mwenye dalili na namba hiyo, wa pili keshafika.

Nikamuuliza mama maswali manne. Kiu: tangu baada ya mavuno anaweka ndoo ndogo ya maji karibu na kitanda. Mkojo: usiku anatumia kopo la rangi la lita nne, na asubuhi limekaribia kujaa. Uzito: kwenye daftari lake la kliniki kulikuwa na kilo 71 za mwezi wa pili, mzani wangu ukasoma 63, na sketi aliifunga kwa pini. Macho: maandishi ya kwenye simu yanacheza. Akanawa mikono kwa sabuni na maji, akakausha, nikamtoboa pembeni mwa kidole. Mashine ikatoa 18.6.

Nikachukua na damu ya mshipa kwa ajili ya maabara, saa hiyo hiyo, na chai yake tumboni. Majibu yakaja 17.9. Mkojo haukuwa na ketoni, zile asidi za mwili unaochoma mafuta kwa kukosa insulini. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeshatoka kwenye "una au huna" na tunazungumzia dawa, chakula na miguu. Wiki mbili zilizopotea hazikumuua, lakini hazikuwa na faida yoyote kwake.

Kiu ya Dodoma si kiu ya kisukari

Kwa kuwa uzito wote wa njia hii umelala kwenye dalili, lazima dalili ziwe zenyewe. Mwezi wa kumi hapa kwetu, upepo mkavu na vumbi, nani hana kiu? Ukimuuliza mtu "unasikia kiu?" kila mmoja atasema ndiyo. Mimi nauliza kuhusu mkojo. Kiu ya jua huja na mkojo kidogo, wa njano iliyokolea, kwa sababu mwili unabania maji. Kiu ya kisukari huja na mkojo mwingi na mweupe karibu kama maji, hata mtu akiwa amekauka midomo. Viwili hivyo havikai pamoja kwa mtu aliyechomwa na jua tu.

Mzee wa miaka 70 anaamka mara nne, lakini kila mara yanatoka matone na anasubiri: hiyo mara nyingi ni tezi dume. Dada anakwenda chooni kila dakika 20 na mkojo unaunguza: mwangalie maambukizi ya njia ya mkojo. Siku hizi naacha kuuliza mara ngapi, nauliza kiasi gani. Kopo la lita nne lilinieleza zaidi kuliko hesabu ya safari za chooni.

Wanaofaidika na kufunga

Siku hiyo hiyo alikuwapo dereva wa lori la njia ya Singida, miaka 39, aliyepimwa kwenye kampeni ya upimaji akapata 11.9. Hana kiu, halali vibaya, uzito umepanda. Kwa mlolongo wa namba peke yake angefanana na mama, kwani wote wamepita 11.1. Lakini yeye ana shahidi mmoja tu, na shahidi mwenyewe ni mashine ya kidole. Mashine nzuri inaruhusiwa kupotoka hadi asilimia 15 hivi, kwa hiyo 11.9 inaweza kuwa 10 na kidogo. Tena baada ya kula, damu ya kidole huwa na sukari zaidi kuliko ya mshipa, kwa sababu tishu bado hazijachukua chao. Huyu nilimwambia: kesho asubuhi, maji tu, tutoe damu ya mshipa. Alipata 7.6. Kwa kuwa bado hana dalili tukarudia siku nyingine, 7.4. Hapo nikaandika kisukari bila mkono kutetemeka.

Kwa mtu wa namna hii kufunga kuna thamani. Halafu kuna wa katikati, mwenye dalili za kusuasua na randamu ya 8 au 9. Namba hiyo haithibitishi wala haikanushi. Kosa baya ni kumwambia "uko sawa." Yeye ndiye anayehitaji kufunga, au kunywa glukosi, kuliko wote.

Lakini kufunga nako kuna udhaifu wake, na hausemwi vya kutosha. Kisukari cha ukubwani mara nyingi huanza kwa kushindwa kushusha sukari baada ya mlo, wakati sukari ya alfajiri bado imekaa 6.5 au 6.8. Mtu kama huyo ukimfungisha unamkosa. Isitoshe, aliyeambiwa "una sukari, rudi" hurudi amebadilika: ameacha sukari kwenye chai, amekunywa majani machungu ya jirani, ameruka chakula cha jioni. Namba inashuka kidogo, anapewa matumaini ya uongo. Na wapo wanaokuja "bila kula" lakini wamekunywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu, kwa sababu chai kwao si chakula. Siku hizi siulizi kama umekula. Nauliza nini kimepita mdomoni tangu uamke.

Kipimo cha HbA1c hakihitaji kufunga, nacho husema wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Mpaka ni asilimia 6.5. Ningekipenda zaidi kama kisingekuwa ghali na kama kisingepotoshwa na selimundu, upungufu wa damu na kuongezewa damu, mambo ambayo wodi zetu zinayajua sana. Kwa mtoto ambaye kisukari kimemlipukia ndani ya wiki mbili, wastani huo unaweza kuwa bado haujapanda vya kutosha. Kile cha kunywa glukosi gramu 75 nakiweka kwa wajawazito na kwa wale wa katikati. Kumpa glukosi mtu mwenye 18.6 ni kumwongezea mzigo bila kujifunza chochote.

Kinachoharibu kipimo cha papo hapo

Dodoma tuna tatizo letu la kipekee: zabibu. Msimu ukiwa umechanganya, watu wanakula njiani, vidole vinanata, wanafika kupimwa. Sukari kidogo tu ya tunda kwenye ngozi huchanganyika na tone la damu, na mashine inasoma tone zima kama damu. Nimeona 14 ikageuka 6.1 baada ya kunawa. Pamba ya spiriti haitoshi, inaisambaza tu. Ni maji na sabuni, kisha kukausha, maana maji nayo huzimua tone. Kwa hiyo namba kubwa kwa mtu asiye na dalili, kabla ya kumwita mgonjwa, mpeleke kwenye beseni.

Nyingine ni stripu za mashine, zile za kuwekea tone la damu, zilizoachwa wazi. Kikopo chake lazima kifungwe kila mara, kisikae dirishani kwenye jua. Nyingine ni kutoa damu kwenye mkono ule ule wenye dripu ya glukosi, kosa la wodini ambalo huzaa namba za kutisha. Na kuna sukari ya ugonjwa mwingine: mtu ana nimonia kali, au yuko kwenye prednisoloni kwa ajili ya pumu, anapimwa 13. Mwili ulio vitani hupandisha sukari wenyewe. Itibu kama inahitaji, lakini usiandike kisukari cha kudumu kwa siku hiyo moja. Muulize kama kiu na kukonda vilianza kabla ya homa. Kama vilianza miezi nyuma, homa imekifichua tu kisukari. Kama havikuwapo, apimwe tena akishapona.

Na kama sampuli inakwenda mbali, kwa mfano kutoka zahanati ya Mpwapwa vijijini hadi maabara ya wilaya, chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya chupa, asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Hapo kosa linakuwa la upande wa pili: aliye na 12 anasomeka 10. Chupa ya kifuniko cha kijivu hupunguza upotevu huo, ingawa saa ya kwanza haiuzuii sana, kwa hiyo damu itenganishwe mapema.

Wale wasioweza kusubiri alfajiri

Kwa mtoto au kijana, ulinganisho huu unakoma mapema. Baba mmoja alimleta binti wa miaka tisa aliyerudia kukojoa kitandani baada ya miaka minne ya kulala mkavu. Alikuwa amekonda, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, mdomo unanuka tamu kama tunda lililoiva sana. Mashine haikutoa namba, iliandika `HI`, maana yake sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Kwa mashine nyingi ni zaidi ya 33. Mtoto wa hivi hana insulini, mwili umeanza kuchoma mafuta na kuzalisha asidi, na kila saa bila insulini na maji ya mshipani inamsogeza kwenye kukosa fahamu. Kumwambia aje kesho na njaa ni kumpa usiku ambao huenda asiumalize.

"Daktari, hajapimwa asubuhi," baba akasema, maana aliwahi kusikia kwamba sukari hupimwa asubuhi.

"Hii haisubiri asubuhi, baba. Gari liko wapi?"

Kwenye karatasi ya rufaa niliandika namba, saa ya kupima, alichokula na saa alipokula, kisha dalili na tangu lini, na chini yake ketoni na jinsi anavyohema. Ya mama wa Chamwino, kwenye daftari lake, inasomeka hivi: 18.6 kidole, 17.9 mshipa, saa nne na robo, amekula saa tatu, kiu na mkojo mwingi tangu baada ya mavuno, kilo 71 hadi 63, ketoni hakuna. Atakayelifungua daftari hilo hatakuwa na sababu ya kumwambia arudi bila kula.